Jinsi ya Kumwandikia Mwenye Nyumba Barua ya Kuomba Risiti na Uthibitisho wa Dipoziti

Kila mwisho wa mwezi kuna mpangaji anayenigongea mlango au kunitumia ujumbe akiuliza swali lile lile: "Nahama, na ajenti anasema hana habari ya dipoziti yangu. Nifanye nini?" Nikimuuliza risiti iko wapi, hakupewa. Nikimuuliza mkataba, hana, au anao lakini pale pa kujaza dipoziti pameachwa wazi. Mwaka 2019 nami nilipoteza dipoziti ya shilingi 18,000 kwa njia hiyo hiyo. Nyumba ilibadilisha ajenti katikati ya mwaka, na mimi sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba niliwahi kulipa. Tangu hapo nimewasaidia majirani wengi kuandika barua hii, nikaona afadhali niiweke hatua kwa hatua.

Mwongozo huu ni wa anayepanga nyumba ya kuishi nchini Kenya, awe analipa kwa M-PESA, benki au keshi. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba hii si barua ya siku ya kuhama. Iandike sasa, ungali unaishi humo, hudaiwi, na mwenye nyumba bado anaitegemea kodi yako ya mwezi ujao. Ukishatoa notisi, kila sahihi unayomwomba anaiona kama pesa zinazomtoka mfukoni.

Nitatumia mfano wa jirani yangu mmoja aliyepanga bedsita Kayole. Nimebadilisha nambari za nyumba na za miamala ya M-PESA, lakini mtiririko wa pesa ni kama ulivyokuwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho chako, na laini ya simu uliyolipia.
- Mkataba wa upangaji, kama upo. Kama haupo, endelea tu.
- Risiti zozote ulizonazo, hata zile za kitabu zilizoandikwa kwa kalamu na kufifia.
- Taarifa ya M-PESA au ya benki tangu mwezi ulioingia.
- Jina kamili la mwenye nyumba, na la ajenti kama yupo.
- Karatasi, kalamu, na shilingi chache za kuchapisha na kutoa kopi kwenye saiba. Barua ya mkono inafaa vilevile, mradi isomeke.

Barua unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Wengi huniambia lazima iwe ya Kiingereza ndipo "itambulike". Si kweli. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Andika kwa lugha unayoweza kuitetea neno kwa neno ukiulizwa.

Hatua ya 1: Jua ni nani hasa unayemwandikia

Hapa ndipo dipoziti nyingi hupotelea. Mpangaji anamjua keateka, anamjua kijana wa ofisi ya ajenti, lakini mwenye nyumba hajawahi kumwona. Keateka akiondoka, au ajenti akibadilishwa, hakuna aliyebaki anayekumbuka ulilipa nini.

Mwandikie mwenye nyumba, kisha umpe ajenti nakala. Ajenti alipokea pesa kwa niaba ya mwenye nyumba, kwa hiyo swali la ziko wapi ni la mwenye nyumba kulijibu. Kama jina lake hulijui, liangalie kwenye mkataba au kwenye risiti za zamani, au waulize wapangaji waliokaa muda mrefu. Ikishindikana kabisa, andika "Mwenye nyumba, kupitia kwa" kisha jina la ajenti. Usimwandikie keateka peke yake. Keateka ni mfanyakazi, na siku akiacha kazi ataondoka na barua yako mfukoni.

Jirani yangu aliingia Februari 2024 kupitia keateka. Tarehe 1 Aprili 2025 mwenye nyumba akaleta ajenti mpya, na tangazo la karatasi moja likabandikwa mlangoni kwamba kodi sasa italipwa kwa nambari ya Paybill. Juu ya dipoziti halikusema neno. Ukiona tangazo la namna hiyo, hiyo ndiyo wiki ya kuandika barua.

Hatua ya 2: Toa taarifa ya M-PESA

Usitegemee ujumbe ulio kwenye simu. Simu huibiwa, huanguka majini, na ujumbe hufutika. Piga `*334#`, ingia kwenye menyu ya akaunti yako, uchague taarifa ya M-PESA na kipindi unachotaka. Taarifa huletwa kwa barua pepe kama faili ya PDF iliyofungwa, na msimbo wa kuifungua huja kwa SMS. Ukiwa na programu ya M-PESA kwenye simu, unaweza kuitoa humo pia. Kama malipo ni ya zamani kuliko kipindi ambacho menyu inaruhusu, nenda duka la Safaricom na kitambulisho chako.

Ukishaipata, pitia mstari kwa mstari ukiwa na kalamu, uweke alama kwenye kila malipo yaliyokwenda kwa mwenye nyumba, ajenti au keateka. Andika pembeni nambari ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu 10, maana ndiyo itakayoingia kwenye barua.

Malipo ya keshi hayamo kwenye taarifa, lakini mara nyingi huacha alama. Jirani yangu alilipa sehemu ya dipoziti taslimu, 6,500, akawa ameshakata tamaa kwamba hana ushahidi. Tulipopitia taarifa tukakuta kwamba asubuhi ile ile alitoa 7,000 kwa wakala wa M-PESA. Hiyo haithibitishi kwamba keateka alipokea pesa, ila inaonyesha kwamba siku hiyo pesa zilikuwepo mkononi. Tukaongeza jina la shemeji yake aliyemsaidia kubeba vitu na kushuhudia akilipa. Pesa za keshi zisizo na risiti huokolewa na vipande vidogo vya namna hii. Vikusanye vyote.

Hatua ya 3: Tenganisha kila shilingi ilikuwa ya nini

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayowagharimu. Siku ya kuingia, mpangaji hutuma pesa zote kwa mkupuo. M-PESA inaonyesha 15,000, lakini haisemi ngapi ni kodi na ngapi ni dipoziti. Mwaka mmoja baadaye mwenye nyumba anaweza kusema zote zilikuwa kodi, na huna la kumjibu.

Chukua karatasi uigawe mwenyewe. Ya jirani yangu ilitoka hivi:

Tarehe 3 Februari 2024, siku ya kuingia:
- M-PESA kwa simu ya keateka, muamala SB37KQ2M9X: 15,000
- Keshi mkononi mwa keateka: 6,500
- Jumla: 21,500

Pesa hizo zilikuwa za:
- Kodi ya Februari: 9,500
- Dipoziti ya nyumba: 9,500
- Dipoziti ya maji: 1,000
- Dipoziti ya stima: 1,500
- Jumla: 21,500

Jumla mbili lazima zilingane. Zisipolingana, usiandike barua bado. Rudi kwenye taarifa utafute kilichokosekana. Mara nyingi huwa ni ada isiyorudishwa, kama ile ya kuonyeshwa nyumba au ya kuandika mkataba. Hiyo usiiingize kwenye dipoziti. Ukidai hata shilingi 500 isiyo yako, utakuwa umempa sababu ya kutilia shaka karatasi nzima.

Halafu uliza: je, kodi imewahi kupanda? Januari 2025 kodi ya jirani yangu ilipanda kutoka 9,500 hadi 10,500, na keateka akamwambia aongeze 1,000 ili dipoziti "ilingane na kodi". Tarehe 4 Januari alituma 11,500 kwa muamala mmoja, TA41RW8N5C. Kwa hiyo dipoziti ya nyumba sasa ni 10,500. Ukijumlisha ya maji na ya stima, mwenye nyumba anashikilia 13,000. Yeye mwenyewe alikuwa akisema "dipoziti yangu ni 9,500". Angeandika hivyo kwenye barua, angekuwa amejipunja 3,500 kwa mkono wake.

Mwisho, orodhesha miezi uliyolipa kodi bila kupewa risiti. Yeye alilipa miezi 14, Februari 2024 hadi Machi 2025, na risiti alikuwa nazo tatu tu: Machi, Aprili na Mei 2024. Zilibaki 11. Nane kati ya hizo zilikuwa za 9,500 na tatu za 10,500, jumla 107,500.

Hatua ya 4: Andika barua

Isizidi ukurasa mmoja, na iombe mambo mawili tu. Matundu ya paa, maji yanayokatika na ngazi isiyo na taa yasubiri barua yao. Ukichanganya, mwenye nyumba atajibu lile la bomba lililopasuka, na la dipoziti litapita kimya.

Hii ndiyo tuliyoandika:

> (Jina lako kamili)
> Nyumba nambari B7
> (Jina la ploti na mtaa)
> Simu: ..............
>
> 14 Aprili 2025
>
> Kwa: (Jina la mwenye nyumba)
> Nakala: (Jina la ajenti)
>
> Mpendwa Bwana/Bibi,
>
> KUH: RISITI ZA KODI NA UTHIBITISHO WA DIPOZITI, NYUMBA NAMBARI B7
>
> Mimi ni mpangaji wako katika nyumba iliyotajwa hapo juu tangu tarehe 3 Februari 2024. Kodi yangu imelipwa yote hadi mwezi huu wa Aprili 2025.
>
> Kwa kuwa usimamizi wa ploti umebadilika kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, naomba tuweke kumbukumbu zetu sawa katika mambo mawili.
>
> Kwanza, naomba risiti za kodi ya miezi ifuatayo, ambayo nililipa bila kupewa risiti: Februari 2024, Juni hadi Desemba 2024 (shilingi 9,500 kila mwezi), na Januari hadi Machi 2025 (shilingi 10,500 kila mwezi). Jumla ni shilingi 107,500. Orodha ya tarehe na nambari za miamala ya M-PESA nimeiambatisha.
>
> Pili, naomba uthibitisho wa maandishi kwamba unashikilia dipoziti yangu ya jumla ya shilingi 13,000, yaani:
>
> Dipoziti ya nyumba, iliyolipwa 3/2/2024: 9,500
> Nyongeza ya dipoziti ya nyumba, iliyolipwa 4/1/2025: 1,000
> Dipoziti ya maji, iliyolipwa 3/2/2024: 1,000
> Dipoziti ya stima, iliyolipwa 3/2/2024: 1,500
>
> Ili kukurahisishia kazi, nimeambatisha fomu fupi ya uthibitisho. Ukiona ni sahihi, tafadhali itie sahihi unirudishie nakala moja. Ukiona pana kiasi kisicholingana na kumbukumbu zako, tafadhali nionyeshe kwa maandishi ni kipi.
>
> Nitashukuru kupata jibu kufikia tarehe 28 Aprili 2025.
>
> Wako mwaminifu,
>
> (Sahihi)
> (Jina na nambari ya kitambulisho)

Kuna sentensi mbili humo ambazo nakusihi usiziondoe. Ya kwanza ni ile ya kodi kuwa imelipwa yote. Inafunga mlango wa jibu lililozoeleka, "lipa kwanza unachodaiwa". Kama unadaiwa kweli, maliza deni kabla ya kupeleka barua, au utaje kiasi unachodaiwa na siku utakayolipa.

Ya pili ni ile inayomwomba aonyeshe kiasi kisicholingana. Akijibu "si 13,000, ni 9,500", tayari amekiri kwa maandishi kwamba 9,500 anazo, na mabishano yamebaki kwenye 3,500. Hata asipojibu kabisa, barua yako inabaki na tarehe na hesabu iliyoandikwa mapema, kabla ya ugomvi wowote. Karatasi ya namna hiyo ina uzito kuliko hesabu inayotolewa siku ya kuhama.

Sababu uliyotoa nayo iwe ya kweli na isiyomlaumu mtu. Usimamizi kubadilika, mkataba kumalizika, au kuhitaji kumbukumbu zako kwa ajili ya mwajiri, zote zinafaa ikiwa ndivyo ilivyo. Kama huna sababu maalumu, andika tu kwamba unapanga kumbukumbu zako.

Hatua ya 5: Ambatisha fomu iliyokwisha kuandikwa

Nimeona barua nzuri zikikaa miezi bila jibu, na si kwa ubaya. Mwenye nyumba ni mzee, au yuko mashambani, au hajui aandike nini. Kumwandikia mtu jibu linalosubiri sahihi yake tu hubadilisha mambo kabisa.

Weka fomu mbili tofauti, moja ya dipoziti na nyingine ya kodi. Sababu ni hii: baadhi ya wenye nyumba huogopa risiti za kodi kwa ajili ya ushuru. Tangu 1 Januari 2024, ushuru wa kodi za nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, kwa mwenye mapato ya kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Asiyejisajili atasita kusaini karatasi yenye orodha ya miezi 11. Dipoziti ni pesa yako anayokushikia, na hana sababu ya kuiogopa hivyo. Zikiwa kwenye karatasi moja, woga wa ushuru utazuia na dipoziti. Zikiwa mbili, walau moja itasainiwa.

Fomu ya dipoziti:

> UTHIBITISHO WA DIPOZITI
>
> Mimi, ......................, mwenye nyumba / ajenti wa mwenye nyumba (futa isiyohusika), nathibitisha kwamba ninashikilia dipoziti ya shilingi 13,000 (elfu kumi na tatu) ya mpangaji ......................, nyumba nambari B7, yaani: nyumba 10,500, maji 1,000, stima 1,500.
>
> Dipoziti hii itarudishwa mpangaji akihama, baada ya kutoa gharama za uharibifu au bili ambazo hazijalipwa, kama zipo.
>
> Sahihi: .............. Kitambulisho: .............. Tarehe: ..............

Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, maana tarakimu huongezwa sifuri kirahisi. Kama mkataba wako una masharti mengine ya kurudisha dipoziti, yafuate hayo, usibuni mapya kwenye fomu.

Hatua ya 6: Ipeleke ukiwa na nakala mbili

Chapisha barua na fomu nakala mbili. Moja ya kuacha, na nyingine ya kusainiwa kwamba imepokelewa. Ofisini kwa ajenti, mwombe anayepokea aandike kwenye nakala yako jina lake, tarehe na sahihi, au agonge muhuri. Anayepokea hakubali yaliyomo, anakubali kwamba barua imefika tu. Mwambie hivyo, kwa sababu wengi hukataa wakidhani wanakiri deni.

Kisha ipige picha, kurasa zote, uitume pia kwa WhatsApp ya mwenye nyumba na ya ajenti, na maneno mafupi: "Habari ya leo. Barua hii nimeiacha ofisini leo tarehe 14 Aprili 2025, imepokelewa na Bwana Fulani. Asante." Kama mwenye nyumba anakaa mbali, tuma nyingine kwa posta kwa njia ya rejista, na risiti ya posta uitunze pamoja na nakala.

Karatasi halisi usiache hata moja. Risiti zako tatu, mkataba, taarifa ya M-PESA, vyote uache kopi tu.

Hatua ya 7: Fuatilia, na kila simu igeuze kuwa maandishi

Mwenye nyumba wa Kenya hajibu barua kwa barua. Atapiga simu. Atasema, "Mama, mbona unaniandikia barua kama tuna kesi? Dipoziti yako naijua, iko." Msikilize kwa heshima, mshukuru, na simu ikikatika tu umtumie ujumbe:

"Asante baba kwa kunipigia leo saa tisa. Nimefurahi kwamba umethibitisha dipoziti yangu ya 13,000 iko kwako. Nitaleta ile fomu Jumamosi uitie sahihi."

Akijibu "sawa", umepata uthibitisho wako wa kwanza. Asipojibu na asipokanusha, bado una ujumbe wenye tarehe. Jirani yangu alipata "Sawa mama, mpe keateka ile karatasi." Hakuridhika na hilo neno peke yake, na alifanya vyema. Alifuata fomu.

Siku ya mwisho uliyoweka ikipita bila jibu, tuma kikumbusho kimoja kifupi kinachotaja tarehe ya barua ya kwanza, na uongeze siku 7. Usiandike barua mpya yenye hesabu mpya. Hesabu ikibadilika kutoka barua hadi barua, wewe ndiwe utakayeonekana huna uhakika.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kosa kubwa ni kutisha. Mpangaji anaanza na "nitakupeleka KRA" au "tutakutana kortini", na mwenye nyumba aliyekuwa tayari kusaini anafunga mlango. Barua hii inaomba kumbukumbu, na hakuna aliyekataa bado.

La pili ni kuzuia kodi ya mwezi mpaka risiti ipatikane. Usifanye hivyo. Ukishadaiwa, mazungumzo yanageuka kuwa ya deni lako, na mwenye nyumba ana njia za kisheria za kukamata vitu kwa kodi isiyolipwa. Hali kadhalika usijiamulie kwamba "dipoziti ifidie mwezi wa mwisho" kabla hamjakubaliana kwa maandishi.

La tatu ni kusaini karatasi ya ajenti mpya bila kuisoma. Fomu za kusajili wapangaji upya huwa na mstari wa dipoziti. Ukiachwa wazi au ukiandikwa sifuri, na ukatia sahihi, umejifunga. Jaza kiasi chako mwenyewe, uandike pembeni "ililipwa kwa usimamizi uliotangulia", ndipo usaini, na uipige picha kabla ya kuirudisha.

Mambo yakikwama

*Ajenti mpya anasema: "Dipoziti ilichukuliwa na wa zamani, sisi haituhusu."* Mwombe aandike hivyo hivyo na kutia sahihi. Kisha mpelekee mwenye nyumba barua yake moja kwa moja. Ajenti anaweza kuwa anasema kweli kwamba hakukabidhiwa pesa, lakini nyumba haijabadilisha mwenyewe, na aliyewaajiri wote wawili ni yule yule.

*Nyumba imeuzwa.* Andikia wawili, aliyeuza na aliyenunua, barua moja yenye majina yote mawili, ukiuliza dipoziti imebaki kwa nani. Fanya hivyo mara unaposikia, kabla aliyeuza hajabadilisha nambari ya simu.

*Pesa zilikwenda kwa simu ya mtu mwingine, mke wa mwenye nyumba au keateka.* Tafuta ujumbe ambao mwenyewe alikutumia nambari hiyo, au miezi mingine ambapo kodi ilitumwa hapo hapo na hakuna aliyelalamika. Miezi saba ya kodi iliyopokelewa kwa nambari ile ni ushahidi kwamba nambari ile ilikuwa ya kupokea kodi.

*Anakataa kupokea barua.* Andika kwenye nakala yako tarehe, saa, mahali, aliyekataa na aliyeshuhudia. Itume kwa WhatsApp na kwa posta ya rejista siku hiyo hiyo.

*Anakubali dipoziti ya M-PESA lakini ya keshi anaikana.* Mpe fomu mpya ya kiasi anachokubali aisaini sasa, na uandike chini yake kwamba kiasi kilichobaki kinaendelea kuzungumzwa. Usikatae sehemu kwa kutaka yote.

*Anakutishia kukuhamisha kwa sababu uliandika.* Endelea kulipa kodi kwa wakati na kwa njia inayoacha alama. Kufungiwa mlango bila amri ya mahakama si halali, na ukitishiwa hivyo nenda kwa chifu au polisi ukiwa na barua na risiti zako. Chifu hatoi hukumu ya pesa, lakini huwaita pande zote mbili, na nimeona fomu ikisainiwa mezani kwake.

*Amekaa kimya kabisa, na wewe umeshahama.* Sasa barua zako zinageuka kuwa ushahidi. Baraza la kodi za nyumba linafanya kazi chini ya Sura ya 296, sheria inayohusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo wapangaji wengi wa mijini hawaingii humo. Njia iliyo karibu ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu madai yaandikishwe. Nenda na barua yenye sahihi ya kupokelewa, kikumbusho, ujumbe wa simu uliochapishwa, taarifa ya M-PESA yenye alama, na ile karatasi ya Hatua ya 3.

Jirani yangu hakufika huko. Mwenye nyumba alisaini fomu ya dipoziti tarehe 26 Aprili, akiwa amesimama getini, karatasi ikiwa juu ya boneti ya gari. Ya kodi alisaini miezi mitatu ya 2025 tu, akasema nyingine atazitafuta kwenye kitabu. Tulikubali tulichopata, tukaandika tarehe, na zile nane zilizobaki tukazitaja kwenye kikumbusho cha Mei. Fomu ya dipoziti ameitoa kopi mbili. Moja iko kwa mama yake Machakos, na picha yake ameitumia barua pepe yake mwenyewe, ili hata simu ikipotea asiwe amepoteza karatasi.